Weka ombi mbele: kwa nini mapendekezo yetu ya kazi hayasomwi

Mwaka uliopita, mimi na wenzangu wawili wa lugha za Kiafrika tulipeleka pendekezo la kazi katika kampuni moja ya hapa Lubumbashi inayohudumia migodi. Kijitabu chao cha usalama kiko kwa Kifaransa, lakini wafanyakazi wengi wanaoingia karakana wanaongea Kiswahili. Tulitaka kuwatafsiria kijitabu hicho kwa malipo. Pendekezo letu lilikuwa na kurasa 14, jalada la rangi, na tulilichapisha kwa pesa tulizochanga sisi wenyewe. Tulingoja wiki sita. Hakuna aliyetuita.

Nilipokwenda kuuliza, mama sekretere alinionea huruma. Alisema: "Mwanangu, mukubwa alifungula, akasoma kidogo, akaniuliza: bale batoto banataka nini?"

Mukubwa huyo alikuwa amesoma ukurasa mmoja na nusu. Humo tulikuwa tumemweleza kwamba Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kichiluba. Tulimweleza pia kwamba Johannes Fabian alitoa kitabu mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji. Kisha tulianza kufafanua tofauti kati ya Kiswahili sanifu na Kiswahili cha Lubumbashi. Yote yalikuwa kweli. Ila bei ilikuwa ukurasa wa 12, na ombi lenyewe, ukilitafuta vizuri, lilikuwa ukurasa wa 13.

Wenzangu walisema kampuni zinadharau lugha zetu. Mimi nilisema hivyo pia, kwa siku mbili tatu. Leo sioni hivyo. Maoni yangu ni kwamba tuliandika tasnifu, tukaipa jina la pendekezo. Na tuliandika hivyo kwa sababu ndio mpangilio pekee ambao kitivo chetu kimetufundisha kwa miaka yote.

Tuangalie mpangilio huo. Katika tasnifu tunaanza na utangulizi, tunapitia waliotutangulia, tunaeleza nadharia na njia ya utafiti, tunachambua, na mwishoni kabisa tunatoa hitimisho. Mpangilio huo ni sahihi kwa msomaji wake. Mwalimu anayetusahihisha ana wajibu wa kufika mwisho, na anachopima ni njia tuliyopita. Hitimisho tukilitanguliza, atataka kujua tumelipata wapi.

Mtu anayetoa idhini ya matumizi hana wajibu huo. Anasoma kati ya simu moja na mkutano mwingine, na karatasi yetu ni moja kati ya nyingi mezani. Hapimi njia yetu. Anatafuta majibu ya maswali machache: ninaombwa kuamua nini, ni kiasi gani, itakamilika lini, na nikikubali kisha kazi ikaharibika, nitapata hasara gani? Asipoyaona majibu hayo haraka, hasemi hapana. Anaiweka karatasi pembeni ili aisome akipata nafasi, na nafasi hiyo haipatikani. Kwa hiyo kunyamaziwa kwetu kwa wiki sita hakukuwa jibu juu ya Kiswahili. Hakuna aliyefika kwenye swali la Kiswahili.

Tulirudi. Safari hii hatukubeba karatasi yoyote. Mama sekretere alitupatia robo saa na papa anayesimamia usalama karakana, mtu anayeumia kila siku na tatizo lile. Tulimuuliza maswali manne tu. Mfanyakazi mpya akiingia Jumatatu, mnafanya nini na kijitabu hiki? Kinawagharimu nini? Nani anatia sahihi ya kukubali kazi kama hii? Na tarehe gani ni muhimu kwenu?

Majibu yake ndiyo yaliyoandika pendekezo la pili. Alituambia kwamba kila Jumatatu wanapokea watu kama 15, na saa moja imepangwa kwa maelezo ya usalama. Kwa kuwa kijitabu ni cha Kifaransa, msimamizi anakieleza kwa mdomo, kila msimamizi kwa namna yake, na saa moja inakuwa tatu. Hesabu aliifanya yeye mwenyewe kwenye kipande cha karatasi: masaa mawili ya ziada kwa watu 15 ni masaa 30 ya kazi kila wiki. Alituambia pia jambo ambalo sisi tusingelijua kamwe. Mkuu wa idara yake anaweza kutia sahihi peke yake kwa matumizi yasiyozidi dola 1,000. Zaidi ya hapo, faili inapanda kwa mkurugenzi mkuu na kwa watu wa fedha, na huko inakaa miezi.

Pendekezo letu la kwanza lilikuwa la dola 3,200. Ndani yake tulikuwa tumeweka kijitabu, vibao vya tahadhari, kozi ya Kiswahili kwa wahandisi wageni, na kamusi ndogo ya karakana. Tulidhani kutoa vingi ni kuonyesha uwezo. Kumbe tulikuwa tumemwomba mtu jambo lisilo mikononi mwake.

Hapa lazima niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Kuchukua kazi moja na kuikata vipande ili kila kipande kipite chini ya kikomo cha sahihi ni udanganyifu, na mtu wa fedha mwenye macho ataugundua. Sisi hatukukata kijitabu nusu. Tuliacha vitu ambavyo hakuna aliyekuwa ameviomba, tukabaki na kazi moja inayosimama yenyewe.

Pendekezo la pili lilikuwa na kurasa mbili. Tuliliandika kwa Kifaransa, kama biro nyingi za hapa zinavyotaka, kwa hiyo hapa natoa maana yake kwa Kiswahili. Mstari wa kusudi, ule ulio juu ya salamu, katika barua ya kwanza ulisema: "Pendekezo la ushirikiano." Maneno hayo yanaweza kukaa juu ya barua yoyote duniani. Katika barua ya pili ulisema: "Ombi la idhini ya dola 800: kijitabu cha usalama kwa Kiswahili." Baada ya salamu, sentensi ya kwanza ilikuwa hii:

"Tunaomba uidhinishe dola 800 ili wafanyakazi wapya wa karakana wapate, kabla ya kundi la Juni, kijitabu cha usalama kwa Kiswahili wanachoongea."

Msomaji akiishia hapo, amejua anaombwa nini, bei ni ngapi, kwa ajili ya nani, na mwisho ni lini. Aya iliyofuata ilieleza hali ya Jumatatu kwa maneno ya papa wa usalama, pamoja na masaa yake 30. Hatukuongeza hesabu yetu. Nambari ambayo msomaji anaweza kuithibitisha kwa kumpigia simu mtu wa chini yake ina nguvu kuliko nambari kubwa iliyotoka kwetu. Aya ya tatu ilisema tutafanya nini, na ya nne ilisema tunahitaji nini kutoka kwao: nakala ya kijitabu, na wafanyakazi 12 kwa siku mbili ili tujaribu kama tafsiri inaeleweka.

Sisi wa isimu tuna faida moja katika kazi hii, lakini tunaitumia vibaya. Tunajua kauli ya kutendwa inaficha mtendaji. Tunaifundisha hata kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hata hivyo nilipohesabu vitenzi vya pendekezo la kwanza, karibu vyote vya sehemu ya kazi vilikuwa vya namna hiyo: "utafiti utafanywa", "istilahi zitakusanywa", "matini itahakikiwa". Kifaransa cha shule kinapenda hivyo, na Kiswahili chetu cha tasnifu kimefuata. Anayelipa anasoma "itahakikiwa" na kujiuliza: na nani? Na mimi? Na watu wangu, kwa masaa yangu? Katika pendekezo la pili kila kitenzi kilipewa mtu wake: "Sisi tutatafsiri. Msimamizi wako atatupa nakala. Wafanyakazi 12 watasoma mbele yetu. Wewe utaidhinisha nakala ya mwisho." Sentensi zilifupika zenyewe, na hofu ya msomaji ikapungua, kwa sababu aliona sehemu yake ni ndogo.

Jambo la pili nililojifunza linahusu msomaji ambaye hatumwoni. Papa wa usalama alitupenda na alitaka kazi hii. Lakini hakuwa yeye wa kutia sahihi. Alipaswa kuichukua karatasi yetu, aingie nayo katika biro ya mkuu wake, na aitetee kwa dakika chache bila sisi kuwepo. Kwa hiyo tulijiuliza juu ya kila aya: je, papa huyu anaweza kuisema kwa mdomo? Kama hawezi, tuliifuta. Maelezo ya Kiswahili sanifu na cha Lubumbashi yalikuwa yamechukua kurasa tatu. Tuliyapunguza mpaka mfano mmoja: kitabu cha Kiswahili kitasema "vaa kofia ngumu", na mtu wa karakana anasema "vaa kaske". Tutaandika kaske. Papa alicheka, akasema mfano huo atautumia. Na kweli aliutumia, maana mkuu wake alitutania nao tulipokutana naye.

Sisemi kwamba kurasa zile tatu zilikuwa takataka. Ndizo zilizotuwezesha kujua ni mfano gani wa kuchagua. Ila kazi yake ilikuwa kutuongoza sisi, si kumchosha yeye.

Jambo la tatu ni bei. Wengi wetu tunaona aibu kutaja pesa, kwa hiyo tunaificha nyuma, au tunaandika jumla moja bila kuieleza. Tuliiweka mwanzo wa ukurasa wa pili, kwa mistari mitatu. Kijitabu kina maneno kama 6,000. Kwa senti 8 za dola kila neno ni dola 480. Vibao 35 vya tahadhari, kwa dola 4 kila kimoja, ni dola 140. Majaribio ya siku mbili na wafanyakazi ni dola 180. Jumla ni dola 800. Chini yake tuliandika kwamba hatutozi TVA, ambayo katika nchi yetu ni asilimia 16, kwa sababu hatujaandikishwa kuitoza. Kwamba uchapishaji haumo. Na kwamba bei hiyo itadumu siku 30.

Malipo tuliyagawa kwa matokeo yanayoonekana: asilimia 30 tukianza, 40 tukitoa nakala ya kwanza, na 30 akishaikubali nakala ya mwisho. Mgawo huo ndio jibu la lile swali lake la hasara. Hakuna haja ya kumwapia kwamba sisi ni waaminifu. Anaona mwenyewe kwamba tukimwangusha mwanzoni, atakuwa amepoteza dola 240, si 800.

Mwisho wa ukurasa hatukuandika "tunabaki tukingoja jibu lenu jema". Tuliandika hatua moja: "Ukikubali, tia sahihi hapa chini na umpe msimamizi nakala ya kijitabu, tutaanza Jumatatu inayofuata." Nafasi ya sahihi ilikuwa palepale. Mtu aliyekwisha kuamua asilazimike kutunga barua ili kutuambia ameamua.

Kabla ya kuipeleka tulifanya jaribio ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya bila gharama. Tulimpa karatasi mwenzetu wa idara ya historia, asiyejua lolote juu ya jambo hili. Tulimwachia dakika moja, tukaichukua, tukamuuliza: tunaomba nini, bei ngapi, na akikubali anafanya nini? Mara ya kwanza alishindwa swali la tatu. Tukarekebisha, tukatafuta mwenzetu mwingine. Msomaji aliyekwisha kuiona karatasi hafai tena kwa jaribio hilo.

Jibu lilitoka baada ya siku tatu. Mkuu wa idara alikuwa amepiga mstari juu ya vibao, akaandika pembeni kwamba vibao vina picha na vitaangaliwa baadaye, akatia sahihi kwa dola 660. Mwenzangu mmoja alihuzunika kwa zile dola 140. Mimi niliona kwamba mistari mitatu ya bei ilikuwa imetuokoa. Kama tungeandika jumla peke yake, asiyetaka vibao angelazimika kukataa yote au kuanza mazungumzo mapya. Tulimpa mahali pa kukata, akakata, na kazi ikabaki hai.

Tulikosea pia, na kosa lilikuwa katika karatasi yenyewe. Tuliandika kwamba tutarekebisha nakala kufuatana na maoni yao, bila kusema mara ngapi. Nakala ilirudi mara nne, kila mara kutoka kwa mtu mwingine mwenye Kiswahili chake, mmoja wa Likasi, mwingine wa Bukavu. Wiki mbili za ziada tulizifanya bure. Siku hizi naandika: marekebisho mara mbili, na maoni yakusanywe na mtu mmoja.

Nakubali kwamba njia hii ina mipaka. Shirika likitangaza zabuni na kutoa masharti ya maandishi, yenye sehemu zilizohesabiwa na mpangilio wake, inabidi kuyafuata kama yalivyo, hata kama yanataka kurasa 40. Anayebadilisha mpangilio anaondolewa kabla ya kusomwa. Hapo unachoweza kufanya ni kuweka muhtasari wa ukurasa mmoja mbele, kama masharti yanaruhusu. Tena, kurasa mbili nzuri haziwezi kuuza kitu ambacho mnunuzi hakihitaji. Kama papa wa usalama angetuambia kwamba wafanyakazi wake wote wanasoma Kifaransa bila shida, tungepaswa kumshukuru na kuondoka.

Najua baadhi ya walimu wetu watasema kwamba haya si mambo ya kitivo cha lugha. Mmoja niliyemheshimu sana aliniambia kwamba chuo kikuu hakifundishi uchuuzi. Kwa heshima, nampinga. Kupanga habari kufuatana na anachokijua msomaji na anachokitaka, kuchagua kauli ya kitenzi, kuchagua kati ya kofia ngumu na kaske, hayo ndiyo masomo tunayoyafanya kila juma. Tofauti ni kwamba tunayachambua katika maandishi ya wengine, na tukiandika sisi tunayasahau. Zaidi ya hapo, wengi wetu hatutapata nafasi ya ualimu. Tutaishi kwa tafsiri, kwa uhariri, kwa kufundisha lugha kwa watu binafsi, na kila kazi kati ya hizo inaanza na karatasi inayoomba idhini ya mtu mwenye haraka.

Ombi langu kwa kitivo, basi, ni hili. Katika somo la uandishi la mwaka wa tatu, zoezi moja tu kati ya mazoezi ya mwaka liwe pendekezo la kurasa mbili kwa mnunuzi halisi wa hapa mjini, baada ya mazungumzo ya robo saa naye. Mwalimu alisome kwa dakika moja, alifunike, kisha aseme mbele ya darasa ameombwa nini na kwa bei gani. Akishindwa kusema, mwandishi aanze upya. Zoezi hilo halihitaji fedha wala mwalimu mpya, na linaweza kuanza muhula ujao. Mwalimu atakayekubali kulijaribu ataniona. Nitaleta nakala za mapendekezo yetu yote mawili, lile la kurasa 14 pia.